Jina Arlene hurudi kila baada ya miaka sita, Irma halirudi tena. Nani huamua?

KusiKaskazi

Wakuu, habari zenu. Naomba mwenye ujuzi anifungue macho kwenye jambo hili.

Nimechukua karatasi nikapanga majina ya vimbunga vya Atlantiki vya mwaka 2011, 2017 na 2023, safu tatu zikiwa kando kando. Arlene lipo kwenye safu zote tatu. Bret lipo, Cindy lipo, halikadhalika Emily, Gert, Jose, Ophelia na Philippe. Ni orodha ileile inayorudi kila baada ya miaka sita, hilo nimelielewa.

Sasa kuna mistari iliyovunjika. Herufi ya I kwenye safu ya 2011 ni Irene, 2017 ni Irma, 2023 ni Idalia. Majina matatu kwa safari tatu. Herufi ya H ilikuwa Harvey mara mbili, halafu 2023 ikawa Harold. Maria limekuwa Margot, Nate limekuwa Nigel.

Najua kwamba kimbunga kikileta maafa makubwa jina lake huondolewa. Ninachouliza ni nani anayeliondoa na anatumia kipimo gani. Maana nimerudi nyuma hadi 2005, ambayo ni orodha hiyohiyo, nikakuta kitu hakiniingii akilini. Emily ya mwaka ule ilifika daraja la 5, la juu kabisa, na jina lipo hadi leo. Stan ya mwaka huohuo haikuvuka daraja la 1, na jina limefutwa. Inakuwaje?

Baharini77

Mbona hilo ni jepesi mkuu. Orodha ni ya Wamarekani, kituo chao cha vimbunga kiko Miami na ndicho kinachotoa majina. Wana kiwango chao: kimbunga kikiua watu kadhaa au kikiharibu mali ya thamani fulani, jina linafutwa moja kwa moja. Emily itakuwa haikufika hicho kiwango. Ndiyo hivyo, hakuna siri.

MzeeWaRada

Baharini77, umepata nusu. Miami ndiko jina linakotolewa, kweli. Hali ikishajipanga baharini na upepo wake ukafikia kilomita 63 kwa saa, mtabiri aliye zamu huangalia jina linalofuata kwenye orodha na kulibandika. Hana ruhusa ya kuchagua, na harukii jina. Ila orodha yenyewe si mali ya Miami, na Miami haiwezi kufuta jina.

Mwenye orodha ni Kamati ya Vimbunga iliyo chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na ndani yake wamo wakuu wa hali ya hewa wa nchi za Amerika ya Kaskazini, Amerika ya Kati na Karibi. Hukutana mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Machi au Aprili, kabla ya msimu mpya kuanza Juni. Nchi iliyopigwa huleta maombi kwamba jina fulani liondolewe, wenzake wanasikiliza, wanakubaliana, kisha wanachagua jina la kuziba pengo. Na kwa Atlantiki hakuna kiwango kilichoandikwa popote, si cha vifo wala cha fedha. Wanachojiuliza ni kama kulitumia tena jina hilo kutakuwa kuwakosea heshima waliofikwa, au kutawachanganya watu.

KusiKaskazi, ukitazama Stan kwa jicho hilo utaiona tofauti. Daraja hupimwa kwa upepo peke yake. Stan ilikuwa na upepo wa kawaida tu kwa vimbunga, lakini iliambatana na mvua za siku nyingi juu ya milima ya Amerika ya Kati, udongo ukaporomoka, na Guatemala ilizika mamia ya watu. Emily ilikuwa na upepo mkali kupita kiasi ilipokuwa katikati ya bahari, ikaipiga Meksiko mara mbili ikiwa na nguvu pungufu, na watu walikuwa wameshaondolewa njiani mapema. Kamati haiulizi upepo ulikuwa kilomita ngapi. Inauliza yaliyowapata watu.

Kuna mifano iliyo wazi zaidi. Allison ya 2001 na Erika ya 2015 hazikufika hata daraja la 1, zilibaki dhoruba za kawaida hadi mwisho. Allison ilizamisha Houston kwa mvua, Erika iliangusha vilima vya Dominica. Majina yote mawili yamefutwa. Mahali pa Allison pakaja Andrea, mahali pa Erika pakaja Elsa.

IreneTu

Samahani naingilia. Mimi naitwa Irene na nimeshtuka kusoma hapa kwamba jina langu limefutwa. Ina maana limeonekana lina mkosi? Na walimpa Irene nani hasa hapo mwanzo? Nimewahi kusikia kwamba majina haya huwa ya watu maalumu, kama heshima fulani hivi.

MamaUpepo

Dada Irene, tulia. Hakuna mtu aliyepewa heshima wala aliyelaaniwa. Majina yanachaguliwa kwa sababu ni mafupi, yanatamkika kwa haraka kwenye redio, na yanajulikana kwa wanaozungumza Kiingereza, Kihispania na Kifaransa, ambazo ndizo lugha za eneo lile. Kanuni nyingine ni kupokezana, la kike kisha la kiume. Angalia 2017: Arlene, Bret, Cindy, Don, Emily, Franklin. Ndiyo maana kwenye karatasi ya mwenye uzi Irene limepokewa na Irma, na Harvey likapokewa na Harold. Anayeondoka huacha herufi yake na jinsia yake, na anayeingia hukaa palepale.

Jina lako lilifanya kazi kwenye orodha ile tangu 1981. Kimbunga cha 2011 ndicho kilicholiondoa, kwa mafuriko yake mashariki mwa Marekani. Na hapo tena upepo haukuwa tatizo kubwa, maana kilipofika Vermont kilikuwa kimeshashuka hadi dhoruba ya kawaida, lakini mito ilibeba madaraja na barabara.

KusiKaskazi

Asanteni. MamaUpepo, hiyo habari ya 1981 imenigusa. Kwa hiyo orodha hii moja naweza kuifuata kutoka mwanzo? Ningependa kuona imebadilika kiasi gani.

MzeeWaRada

Unaweza, na ni kazi ya kufurahisha. Kuna orodha sita, kila moja ina majina 21, kwa sababu Q, U, X, Y na Z zimeachwa kwa uchache wa majina yanayoanza nazo. Mtindo wa sasa wa kuchanganya majina ya kike na ya kiume kwa Atlantiki ulianza 1979. Kabla ya hapo, tangu 1953, yalikuwa ya kike peke yake. Orodha yako ilitumika 1981, kisha 1987, 1993, 1999, 2005, 2011, 2017 na 2023.

Miaka mitatu ya mwanzo ilipita bila kuguswa. Msimu wa 1993, kwa mfano, uliishia Harvey, kwa hiyo Irene, Katrina na wenzao waliofuata hawakuitwa kabisa mwaka ule. Hili watu hulisahau: jina linaweza kukaa miaka na miaka kwenye orodha bila kazi kwa sababu tu msimu uliisha kabla zamu yake haijafika.

Mwaka 1999 yakaondoka mawili, Floyd na Lenny, wakaingia Franklin na Lee. Mwaka 2005 ulikuwa wa balaa. Dennis, Katrina, Rita, Stan na Wilma, majina matano kwa msimu mmoja, na hakuna msimu wa Atlantiki uliowahi kufuta mengi zaidi ya hayo. Wakaingia Don, Katia, Rina, Sean na Whitney. Mwaka 2011 likaondoka Irene peke yake. Mwaka 2017 yakaondoka Harvey, Irma, Maria na Nate. Mwaka 2023 halikuondoka hata moja, ijapokuwa Idalia ilipiga Florida ikiwa daraja la 3.

Hesabu mwenyewe uone waliobaki tangu 1981: Arlene, Bret, Cindy, Emily, Gert, Jose, Ophelia, Philippe, Tammy na Vince. Kumi kati ya 21. Arlene ni la zamani hata kuliko orodha yenyewe, lilishawahi kutumika 1959. Sababu ya kudumu kwake ni nafasi. Kimbunga cha kwanza cha msimu kwa kawaida hutokea bahari ikiwa bado haijapata joto la kutosha, na 2017 kilitokea Aprili. Hakipati nguvu ya kuumiza sana.

Kinyume chake ni I. Hilo ni jina la tisa, na la tisa kwa wastani huangukia katikati ya Septemba, bahari ikiwa kwenye kilele cha joto. Isabel, Ivan, Ike, Igor, Irene, Ingrid, Irma, Ida, Ian, yote yamefutwa na hayo si yote. Hakuna herufi iliyopoteza majina mengi kuliko hiyo. Mahali pa Ida ya 2021 wameweka Imani, ambalo wengi humu mnalifahamu vizuri, na zamu yake ni 2027.

MkutubiWaMagazeti

Nimefurahi kuukuta uzi huu kwa sababu unagusa kazi yangu. Mimi napanga picha na habari za zamani kwenye hifadhi, na vimbunga vinanitesa kweli.

Nawapa mfano wa kitu kilicho mbele yangu sasa. Bahasha ya picha imeandikwa nyuma kwa kalamu "Katrina, uharibifu wa nyumba", basi. Hakuna mwaka. Kila anayeiona anadhani ni New Orleans 2005. Lakini jina Katrina lilitumika 1981 kwa kimbunga kilichopita Kuba, likatumika 1999 kwa dhoruba dhaifu iliyoingia Nikaragua, ndipo likaja lile la 2005. Ilibidi nitazame aina ya karatasi ya picha na magari yaliyoegeshwa ndipo nikajua si 2005. Sijui bado ni ipi kati ya hizo mbili.

Kwa hiyo mtu akiniuliza faida ya kufuta majina, kwangu jibu ni hilo. Baada ya 2005 hakuna Katrina nyingine itakayoongezeka kwenye rafu. Na zamani ilikuwa mbaya zaidi, maana jina la kimbunga kilichovuma lilikuwa linapumzishwa tu kwa miaka kadhaa halafu linarudi. Ninazo Carol mbili, ya 1954 iliyoipiga New England, na nyingine ya 1965. Msomaji akija na ombi la "habari za Carol" lazima nimuulize mwaka.

Swali langu: wataalamu wenyewe wanatofautishaje? Wao nao wanategemea jina?

MzeeWaRada

Hawategemei. Kila hali inayofuatiliwa ina namba yake. Ripoti ya Harvey inayotolewa baada ya msimu, kwa mfano, faili lake linaitwa hivi:

```
AL092017_Harvey.pdf
```

AL ni Atlantiki, 09 ni namba ya hali hiyo ndani ya msimu, halafu mwaka. Hapo Harvey haiwezi kuchanganywa na Harvey ya 1999 hata kwa bahati mbaya.

Lakini tazama hiyo 09. Harvey ni jina la nane kwenye orodha, kwa nini namba ni ya tisa? Kwa sababu mwaka ule hali ya nne ilipewa namba, ikasambaratika kabla upepo wake haujafikia kilomita 63 kwa saa, hivyo haikupata jina. Kuanzia pale namba ikatangulia jina kwa hatua moja. Kisha hali ya kumi nayo haikupata jina, ndiyo maana Irma, jina la tisa, ni `AL112017`. Mkutubi, ukipata hizo namba ziandike kwenye bahasha pamoja na jina na mwaka, hutapotea tena.

Baharini77

Sawa Mzee, kwa Atlantiki nimekubali. Lakini hicho kiwango sikukitunga, nimekisoma mahali. Na pia Idai ya 2019, iliyoiangamiza Beira, jina lake lilifutwa kwa sababu ya maafa. Hiyo si Atlantiki.

MzeeWaRada

Kiwango ulichosoma kipo, ila ni cha Ufilipino. Idara ya hali ya hewa ya kule ina majina yake ya ndani, tofauti na ya kimataifa, katika orodha nne zinazozunguka. Wao wameandika kabisa: kimbunga kikiua watu wasiopungua 300, au kikiharibu mali ya peso bilioni 1, jina linatoka. Ndiyo maana kimbunga cha Novemba 2013 kina majina mawili yaliyofutwa kwa mpigo, Haiyan kwenye orodha ya kimataifa ya magharibi mwa Pasifiki na Yolanda kwenye orodha ya Ufilipino.

Kuhusu Idai, jina halitatumika tena, hapo uko sahihi, lakini sababu siyo uliyoitaja. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi utaratibu ni mwingine kabisa. Jina likishatumika mara moja linatoka, hata kama kimbunga chenyewe kilizunguka baharini wiki nzima bila kugusa nchi kavu. Kinachozunguka kule ni orodha tatu, na yanayobaki kwa safari nyingine ni majina ambayo hayakupata zamu. Wanaotoa jina ni Madagaska au Morisi, kutegemea hali imejipanga upande gani wa longitudo ya 55. Kwa hiyo Idai iliondoka pamoja na majina yote yaliyotumika msimu ule, mabaya na mapole. Kaskazini mwa Bahari ya Hindi nako ni vivyo hivyo, nchi 13 zilitoa majina 13 kila moja, na kila jina ni la kutumika mara moja.

Mimi binafsi naupenda utaratibu wa Bahari ya Hindi. Hakuna haja ya mtu kwenda kikaoni kuomba.

TakwimuKwanza

Hapo kwenye "kuomba" ndipo penye tatizo ambalo hakuna aliyeligusa.

Novemba 1994 kimbunga Gordon kilipita karibu na Haiti kikiwa dhoruba tu, kikamwaga mvua, na zaidi ya watu 1,000 wakafa. Jina halikuondolewa. Likatumika tena 2000, 2006, 2012, 2018 na 2024. Jiwekeni kwenye nafasi ya mtu wa Haiti aliyefiwa 1994, kisha miaka sita baadaye anasikia redioni Gordon inakuja.

Na huo msimu wa 2024 ndio unaoumiza zaidi. Ni orodha ileile ya Gordon. Kamati ilipokutana 2025 ikafuta Beryl, Helene na Milton, ikaweka Brianna, Holly na Miguel. Gordon, lililokuwa katikati yao, likaachwa kwa sababu lile la 2024 lilififia baharini bila kudhuru mtu. Mimi nasema kama kungekuwa na kiwango kilichoandikwa, kama cha Ufilipino, Gordon lingeondoka 1995 bila mtu kuinua mkono. Hiari huwapendelea wenye sauti.

MamaUpepo

Naelewa uchungu wako, na kuhusu Gordon sina la kuitetea kamati. Ila kiwango nacho kina mtego wake. Chukua Maria ya 2017. Kamati ilikutana Aprili 2018 na kulifuta jina. Wakati ule hesabu rasmi ya vifo vya Puerto Rico ilikuwa 64. Hadi Agosti 2018 ndipo serikali ya kule ilipobadilisha hesabu kuwa 2,975, baada ya utafiti wa vifo vilivyotokea miezi iliyofuata, umeme ukiwa haujarudi na wagonjwa wakikosa huduma.

Sasa fikiria kama kiwango kingekuwa vifo 300 na Maria ingekuwa imepiga Puerto Rico peke yake. Kwa hesabu ya Aprili isingefika. Vifo vya kimbunga havihesabiki kwa haraka, na nchi zenye shida zaidi ndizo zenye hesabu inayochelewa zaidi. Hao hao unaotaka kuwatetea ndio kiwango kingewaacha nje.

TakwimuKwanza

Hoja nzuri, lakini hesabu inaweza kupitiwa upya. Weka kanuni kwamba jina linasubiri kando hadi hesabu ikamilike. Orodha inarudi baada ya miaka sita, muda upo wa kutosha. Maria lingefutwa Septemba badala ya Aprili, ingeharibika nini?

MzeeWaRada

Kusubiri kumeshatokea, tena kwa sababu nyingine. Dorian ya 2019, iliyovunjavunja Abaco na Grand Bahama, haikujadiliwa kwenye kikao cha 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Ikafutwa Machi 2021, na Dexter limeshatumika mahali pake 2025. Hakuna lililoharibika. Kwa hiyo TakwimuKwanza, katika hilo nakubaliana nawe.

Ninapositasita ni kwenye namba yenyewe. Kisiwa kama Barbuda kina watu wasiozidi elfu mbili hivi. Irma ilikipiga Septemba 2017 ikiwa daraja la 5, karibu kila jengo likaharibika, na siku chache baadaye watu wote wakahamishiwa Antigua kwa sababu Jose nayo ilikuwa inakuja nyuma. Vifo pale vilikuwa vichache sana. Ukiweka kiwango cha vifo, nchi nzima inaweza kuvunjika na isifikie kiwango. Ukiweka cha fedha, nyumba za maskini hazina thamani kubwa kwenye vitabu vya bima. Kamati ikisikiliza maelezo ya nchi yenyewe inaweza kuyaona hayo, kanuni haiwezi.

Na Jose, kwa taarifa, lilikwepa kisiwa. Ndiyo maana bado lipo kwenye karatasi ya KusiKaskazi.

Baharini77

Niulize jingine. Orodha ikiisha je? 2020 nakumbuka walifika herufi za Kigiriki. Hizo nazo zilifutwa?

MamaUpepo

Hizo ndizo zilizowatia kamati matatani. Msimu wa 2020 ulikuwa na dhoruba 30 zenye majina, orodha ikaisha Septemba, wakaendelea na Alpha, Beta na kadhalika. Kulikuwa na wakati Zeta, Eta na Theta zilitajwa kwenye taarifa zilizofuatana, na kwa masikio ya mtu anayesikiliza redio usiku majina hayo matatu ni kitu kimoja. Kisha Novemba Eta ikaipiga Nikaragua, na wiki mbili baadaye Iota ikaingia karibu palepale.

Sasa watalifutaje? Ukifuta Eta, jina la kuingia lianze na nini? Alfabeti ya Kigiriki haina herufi ya akiba. Machi 2021 wakaamua kufuta Eta na Iota na pia kuachana na Kigiriki moja kwa moja. Sasa kuna orodha ya akiba ya majina 21, inaanza Adria, Braylen, Caridad, na jina la humo likileta maafa linafutwa na kubadilishwa kama mengine.

IreneTu

Nimeelewa sasa kuhusu jina langu, asanteni sana. Lakini nimebaki na swali: jina linaweza kufutwa bila kimbunga kupiga popote?

MzeeWaRada

Linaweza, dada. Upande wa mashariki mwa Pasifiki kulikuwa na jina Isis kwenye orodha ya 2016. Kikao cha 2015 kiliona haifai kutumia jina linalofanana na la kundi la kigaidi kwenye tahadhari kwa umma, wakaliondoa kabla ya zamu yake na kuweka Ivette. Ni nadra, ila ipo.

KusiKaskazi

Nimeongeza safu ya 2029 kwenye karatasi yangu. Kwa kuwa 2023 halikufutwa jina, inakuwa nakala kamili: Arlene hadi Whitney, na I inabaki Idalia. Nimegundua pia kwamba Whitney halijawahi kutumika. Lilichukua nafasi ya Wilma, na misimu ya 2011, 2017 na 2023 yote iliishia kabla yake.

Mkutubi, nikikuta habari yoyote ya Katrina ya 1981 yenye picha za Kuba nitaileta hapa uilinganishe na hiyo ya bahasha.

MkutubiWaMagazeti

Nitashukuru sana. Hasa picha zinazoonyesha paa za nyumba. Kwenye yangu kuna nyumba ya mbao yenye veranda mbele na nguzo nne, mbili zimeanguka, na nyuma yake kuna kilima. Hicho kilima ndicho nimekishikilia.

TakwimuKwanza

Na mimi swali langu la Gordon linabaki mezani. Mzee, kuna kanuni inayozuia nchi kuomba jina lifutwe baada ya miaka 30, au ni kwamba hakuna aliyejaribu?

MzeeWaRada

Sijawahi kuona kanuni inayozuia. Zamu inayofuata ya orodha ile ni 2030.